Sigara mahakamani: Ni nani anayebeba gharama ya maradhi?

Mkazi wa Biryogo, jijini Kigali, akigunduliwa kuwa na saratani ya mapafu baada ya kuvuta sigara kwa miaka thelathini, gharama huanza kugawanywa siku hiyohiyo. Mituweli hulipa sehemu yake, mgonjwa hulipa iliyobaki, serikali hugharimia madaktari na mitambo, na familia hupoteza kipato cha mtu aliyekuwa akiitegemeza. Katika mgawanyo huo jina moja halionekani: la aliyeitengeneza sigara na kupata faida kwa kuiuza.

Kwa zaidi ya nusu karne, mahakama za nchi mbalimbali zimekuwa zikiulizwa iwapo jina hilo linapaswa kuingizwa katika hesabu. Majibu yake yameamua fedha nyingi, lakini pia yamebadili namna watu wanavyouelewa ugonjwa wenyewe. Kilichokuwa kikihesabiwa kuwa tabia mbaya ya mtu binafsi kilianza kuonekana kuwa madhara ya bidhaa iliyobuniwa kwa makusudi. Safari hiyo ilianzia Marekani, ikapita Canada, na mwaka 2019 ikafikia uamuzi mkubwa jijini Nairobi.

Ngao mbili zilizopingana

Kesi za kwanza zilifunguliwa nchini Marekani mwaka 1954. Miezi michache kabla, watafiti walikuwa wameonyesha kuwa lami ya moshi wa sigara ikipakwa kwenye ngozi ya panya huleta uvimbe wa saratani. Makampuni yalijibu Januari 1954 kwa tangazo lililochapishwa katika magazeti zaidi ya 400. Yalisema kuwa hakuna uthibitisho kwamba sigara husababisha saratani, na yakaahidi kugharimia utafiti ili ukweli ujulikane.

Kwa miaka arobaini iliyofuata, mamia ya wavutaji na wajane wao waliyashitaki makampuni hayo, na hayakulipa fidia. Utetezi wao ulikuwa na ngao mbili. Ya kwanza ilisema kuwa madhara hayajathibitishwa, kwa hiyo kampuni haiwezi kulaumiwa kwa kutotoa onyo. Ya pili ilisema kuwa kila mtu anajua sigara ina madhara, kwa hiyo aliyevuta alichagua mwenyewe. Ngao hizo zilipingana, lakini hazikuhitaji kupatana. Mlalamikaji aliyeivunja ya kwanza kwa ushahidi wa madaktari alikuwa amekwisha kuijenga ya pili, kwa kuwa ikiwa madhara yako wazi kiasi hicho, naye alipaswa kuyajua.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Rose Cipollone wa jimbo la New Jersey, aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1984. Mwaka 1988 baraza la wazee wa mahakama liliamuru mumewe alipwe dola 400,000, uamuzi wa kwanza wa aina hiyo. Hata hivyo, baraza hilohilo lilisema kuwa asilimia 80 ya lawama ni ya marehemu mwenyewe. Malipo hayo yalibatilishwa katika rufaa, shauri likafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwishowe familia ikaliacha, kwa kuwa gharama za mawakili zilikuwa zimezidi kile kilichotarajiwa kupatikana. Kampuni haikulipa hata senti moja.

Mlalamikaji asiyevuta sigara

Mabadiliko yalikuja mwaka 1994, pale jimbo la Mississippi lilipofungua kesi kwa hoja mpya. Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, Mike Moore, hakudai kwa niaba ya mvutaji yeyote. Alidai fedha ambazo jimbo lilitumia kuwatibu maskini walioumwa kwa sababu ya sigara. Hoja hiyo iliipita ngao ya pili, kwa sababu jimbo halikuwahi kuvuta sigara wala kuchagua lolote. Lilikuwa limepelekewa bili tu.

Ngao ya kwanza ilibaki, na ndiyo iliyovunjwa na jimbo la Minnesota. Mwaka huohuo wa 1994, Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, Hubert Humphrey wa Tatu, pamoja na shirika la bima ya afya la Blue Cross, walifungua kesi iliyolenga zaidi kupata nyaraka za ndani za makampuni. Katika sheria za Marekani, kila upande wa kesi ya madai una haki ya kudai kuona nyaraka za upande mwingine zinazohusu shauri kabla ya kusikilizwa. Makampuni yalipinga hatua kwa hatua. Yalisema kuwa nyaraka nyingi ni siri kati ya mteja na wakili wake. Jaji aligundua kuwa baadhi ya karatasi za kisayansi zilikuwa zimepitishwa kwa mawakili ili tu zipate kinga hiyo, akaamuru maelfu ya nyaraka zitolewe.

Kesi ilianza kusikilizwa Januari 1998. Tarehe 8 Mei, siku ambayo baraza la wazee wa mahakama lilitarajiwa kuanza kujadili uamuzi wake, makampuni yalikubali suluhu. Jimbo lililipwa zaidi ya dola bilioni 6. Sharti jingine lilikuwa na uzito mkubwa zaidi kwa dunia: nyaraka zote, takribani kurasa milioni 35, ziwekwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Ghala moja lilifunguliwa Minneapolis. Jingine, la nyaraka za British American Tobacco, lilikuwa Guildford, Uingereza. Baadaye Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kiliziweka nyaraka hizo kwenye mtandao.

Kilichosomwa ndani ya karatasi

Suluhu nyingi huficha ukweli, kwa kuwa anayelipa huweka sharti kwamba mambo yaishie hapo. Suluhu ya Minnesota ilifanya kinyume chake, na hiyo ndiyo sababu jina la jimbo hilo la baridi linatajwa hadi leo katika wizara za afya za Afrika.

Jambo la kwanza lililosomwa lilihusu nikotini. Aprili 1994, wakuu saba wa makampuni ya tumbaku walikuwa wameliambia Bunge la Marekani, wakiwa chini ya kiapo, kwamba hawaamini kuwa nikotini huleta uraibu. Nyaraka zilionyesha kuwa tangu mwaka 1963 wakili mkuu wa kampuni moja, Brown and Williamson, alikuwa ameandika kwa wenzake kwamba nikotini huleta uraibu, na kwamba biashara yao ni kuuza nikotini. Nyingine zilionyesha jinsi wanakemia walivyochunguza namna ya kuirahisishia nikotini kufika kwenye ubongo.

La pili lilihusu sigara zilizoitwa nyepesi. Mashine ya maabara huvuta kila sigara kwa namna ileile, hivyo sigara yenye vitundu kwenye kichungi ilionyesha kiwango kidogo cha lami. Binadamu si mashine. Mtu aliyezoea kiwango fulani cha nikotini huvuta kwa nguvu zaidi, mara nyingi zaidi, au huziba vitundu hivyo kwa vidole na midomo bila kujua. Makampuni yalijua hayo, lakini yaliendelea kuziuza kwa watu waliokuwa wakitafuta njia ya kuacha.

Mambo hayo yalithibitishwa tena Agosti 2006, katika kesi iliyofunguliwa na serikali kuu ya Marekani. Jaji Gladys Kessler wa Washington aliandika hukumu yenye kurasa zaidi ya 1,600, akisema kuwa makampuni yaliudanganya umma kwa miongo kadhaa kuhusu saratani, uraibu, sigara nyepesi na moshi unaowafikia wasiovuta. Aliyaamuru yatangaze ukweli huo yenyewe. Baada ya rufaa za zaidi ya miaka kumi, matangazo hayo yalianza kuonekana magazetini na kwenye televisheni za Marekani mwishoni mwa mwaka 2017.

Baada ya hapo, swali la kwa nini mtu hakuacha sigara lilipata jibu lisilohusu udhaifu wa moyo wake.

Hesabu ya Quebec

Lilibaki tatizo la kisheria ambalo nyaraka pekee haziwezi kulitatua. Takwimu zinaweza kuonyesha kwamba sigara husababisha saratani nyingi za mapafu katika jamii, lakini haziwezi kuonyesha kwamba saratani ya mtu fulani ilitokana na sigara. Wapo wanaougua bila kuvuta kabisa.

Mahakama ya jimbo la Quebec, nchini Canada, ilionyesha njia mojawapo ya kulishughulikia. Jaji Brian Riordan alisikiliza kesi ya pamoja iliyofunguliwa kwa niaba ya wagonjwa takribani 100,000 dhidi ya makampuni matatu. Badala ya kumchunguza kila mgonjwa, alitafuta kiwango ambacho, kikishavukwa, uwezekano kwamba sigara ndiyo chanzo unazidi uwezekano kwamba si chanzo. Kiwango alichokichukua katika hukumu ya mwaka 2015 ni sawa na pakiti moja kwa siku kwa miaka 12. Pakiti ina sigara 20. Ukizidisha kwa siku 365, kisha kwa miaka 12, unapata sigara 87,600. Aliyevuta kiasi hicho au zaidi kabla ya kugunduliwa kuwa na saratani ya mapafu, saratani ya koo au ugonjwa wa mapafu uitwao emfisema, alihesabiwa kuwa amethibitisha dai lake.

Jaji huyo aliuliza pia ni lini umma ulijua. Aliamua kuwa hatari ya maradhi ilikuwa imejulikana vya kutosha kwa watu wa Quebec kufikia mwaka 1980, lakini hatari ya uraibu haikujulikana hadi mwaka 1996. Kwa hiyo waliougua saratani wakiwa wameanza kuvuta kabla ya mwaka 1976 walipangiwa dola 100,000 za Canada, na walioanza baadaye 80,000, kwa kuwa sehemu ya lawama ilikuwa yao. Lawama ya mvutaji, iliyokuwa asilimia 80 katika kesi ya Cipollone, hapa ilikuwa asilimia 20.

Makampuni yalikata rufaa, yakashindwa Machi 2019, na siku chache baadaye yakaomba mahakama iyalinde dhidi ya wadai wake. Makubaliano ya dola bilioni 32.5 za Canada, yakijumuisha wagonjwa hao pamoja na serikali za majimbo, yaliidhinishwa Machi 2025. Kesi ilikuwa imefunguliwa mwaka 1998. Wengi wa wagonjwa ambao ilifunguliwa kwa niaba yao walikuwa wamekwisha kufariki.

Kifuta machozi cha Nairobi

Nchi za Afrika Mashariki zilizisoma kesi hizo kwa makini, zikachagua njia tofauti. Kenya haikusubiri kwenda mahakamani kudai gharama za hospitali. Iliweka wajibu wa malipo ndani ya sheria yenyewe, na ni makampuni yaliyokwenda mahakamani kuupinga.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007 ilianzisha mfuko unaopaswa kupokea mchango kutoka kwa watengenezaji na waagizaji wa tumbaku. Kwa Kiingereza mchango huo uliitwa kwa neno lenye asili ya Kilatini, lakini Kiswahili kina jina lake tangu zamani: kifuta machozi. Fidia hulenga kurudisha thamani ya kilichopotea, na ili uipate ni lazima uthibitishe ni nani amekukosea na kwa kiasi gani. Kifuta machozi hakidai kurudisha kilichopotea. Hukiri kuwa kuna aliyeumia na kuna anayehusika, kisha huweka kiasi kinachojulikana.

Kanuni za mwaka 2014 zilikitaja kiasi hicho: asilimia 2 ya thamani ya bidhaa za tumbaku zinazotengenezwa au kuingizwa nchini kwa mwaka. Kampuni iliyoingiza bidhaa za thamani ya shilingi milioni 100 ingechangia shilingi milioni 2. Fedha hizo zilikusudiwa kwa utafiti, elimu kwa umma na kuwasaidia wanaotaka kuacha. Kanuni hizo pia zilitaka maonyo ya picha kwenye pakiti, taarifa kuhusu viambato vya sigara, na masharti juu ya mikutano kati ya maofisa wa serikali na sekta ya tumbaku.

Mwaka 2015 British American Tobacco Kenya ilikwenda Mahakama Kuu. Ilidai kuwa wananchi na wadau hawakushirikishwa ipasavyo, kuwa asilimia 2 ni kodi isiyoidhinishwa na Bunge, na kuwa kulazimishwa kutoa taarifa kunaingilia siri za biashara. Kampuni ya Mastermind nayo iliingia katika shauri, na upande wa pili ukaungwa mkono na muungano wa mashirika ya kiraia. Utekelezaji ulisimamishwa kwa amri ya muda.

Jaji Mumbi Ngugi alitoa uamuzi Machi 2016, akizikubali kanuni isipokuwa vipengele vichache. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye Februari 2017. Tarehe 26 Novemba 2019, Mahakama ya Juu ya Kenya iliitupa rufaa ya mwisho. Pingamizi dhidi ya mchango wa asilimia 2 likaanguka.

Tofauti na Quebec iko wazi. Hakuna mgonjwa wa Kenya aliyetakiwa kuhesabu sigara 87,600, wala kueleza kwa nini hakuacha. Uhusiano kati ya bidhaa na ugonjwa ulichukuliwa kuwa jambo lililokwisha kuthibitishwa, na uthibitisho huo ulikuwa umetafutwa kwa gharama kubwa na mahakama za mbali.

Uganda ilipita njia inayofanana. Desemba 2002 Mahakama Kuu ya Kampala, katika shauri lililofunguliwa na shirika la mazingira, iliamua kuwa uvutaji katika maeneo ya umma unakiuka haki ya wasiovuta ya kuishi katika mazingira safi. Kanuni za kuuzuia zilifuata mwaka 2004. Sheria kali zaidi ilipitishwa mwaka 2015, na Mei 2019 Mahakama ya Katiba ilikataa ombi la British American Tobacco Uganda la kubatilisha vifungu vyake.

Kinachobaki kwa Kigali

Rwanda iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2005. Mkataba huo uliandaliwa katika miaka iliyofuata kufunguliwa kwa nyaraka za Minnesota, na alama zake zinaonekana ndani yake. Kifungu cha 5 kinazitaka serikali kulinda sera za afya dhidi ya maslahi ya sekta ya tumbaku. Kifungu cha 19 kinazihimiza kufikiria hatua za kisheria kuhusu dhima na fidia, na kusaidiana katika ushahidi. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2013 inadhibiti matangazo, uvutaji katika maeneo ya umma na uuzaji kwa walio chini ya miaka 18.

Mgonjwa wa Biryogo anayetaka kudai fidia yeye mwenyewe bado angekutana na ugumu wa ushahidi. Ugonjwa huchukua miaka 20 au 30 kujitokeza. Katika muda huo huenda alinunua sigara moja moja dukani bila risiti, akabadili chapa mara kadhaa, na akatibiwa katika vituo ambavyo havikuandika kiasi alichokuwa akivuta. Daktari anayeandika leo katika faili la mgonjwa ni sigara ngapi kwa siku, za chapa gani na kwa miaka mingapi, anaandika kitu ambacho kesi nyingi zimeshindwa kwa kukosa.

Suluhu kubwa nazo zina kasoro ambayo mfano wa Marekani uliiweka wazi. Novemba 1998 majimbo 46 yalikubaliana na makampuni juu ya malipo ya takribani dola bilioni 206 kwa miaka 25. Makampuni yalipandisha bei ya sigara, hivyo sehemu kubwa ya fedha ilitoka mifukoni mwa wavutaji wenyewe. Malipo yalifungwa kwenye kiasi cha mauzo, na majimbo yakajikuta yakitegemea biashara yaliyokuwa yameishitaki. Mengi yalitumia fedha hizo kuziba mapengo ya bajeti, na sehemu ndogo tu ikaenda kuzuia uvutaji. Asilimia 2 ya Kenya ina hatari hiyohiyo, kwa kuwa mauzo yakikua mfuko hunenepa, na faida yake kwa mgonjwa hutegemea kama fedha zinafika pale sheria ilipozielekeza.

Hata hivyo, mgonjwa anayelala leo katika wodi ya Butaro, katika kituo cha saratani kilichofunguliwa mwaka 2012, haingii katika mjadala uleule alioukuta Rose Cipollone. Hoja kwamba madhara hayajathibitishwa haiwezi tena kusimama, kwa sababu wenye bidhaa waliandika kinyume chake kwa mikono yao. Hoja kwamba alichagua mwenyewe imepungua uzito, kwa sababu bidhaa iliundwa ili kumzuia asiache. Swali lililobaki mezani ni la mgawanyo: bili ya matibabu inapofika, nani aandikwe, na kwa asilimia ngapi.